Kiingilio cha usiku wa taarabu: bei ipi inarudisha gharama?

*"Naandaa usiku wa taarabu na chakula hapa Tanga, ukumbi una viti 300. Ukumbi, kikundi, vyombo, mapambo, matangazo na mengine yote ni 5,400,000. Chakula, kinywaji na kamba ya mkononi ni 10,000 kwa kila mtu. Jumla 8,400,000, nikigawa kwa 300 napata 28,000. Nikiweka kiingilio 30,000, si nitabaki na faida ya 600,000? Mawakala wa tiketi wanachukua asilimia 5, na nina wageni waalikwa 20."*

Hapana. Kwa kiingilio cha 30,000 utapata hasara ya shilingi 620,000, na hiyo ni endapo ukumbi utajaa hadi kiti cha mwisho. Kugawanya umegawanya sawasawa. Tatizo ni kwamba umegawa kwa viti, na kiti hakilipi kiingilio. Anayelipa ni mtu.

Tuanze na hizo 5,400,000. Umezitenga vizuri na zile 10,000, na huo ndio msingi wa hesabu yote. Mwenye ukumbi anataka 900,000 zake waje watu 50 au waje 300. Kikundi hali kadhalika, na gari la matangazo likishazunguka mitaani limeshazunguka. Hizi ni gharama zisizobadilika. Sahani ya pilau, soda, maji na kamba ya mkononi huongezeka kila mtu mmoja anapoongezeka, kwa hiyo hizo ni gharama zinazobadilika. Swali la kujiuliza mbele ya kila risiti ni moja tu: akiingia mtu mmoja zaidi, hii itaongezeka? Mafuta ya jenereta, kwa mfano, watu wengi huyaweka upande wa zinazobadilika kwa kuwa hawajui yatatumika lita ngapi. Lakini jenereta inakula mafuta kwa saa, haihesabu vichwa. Weka makadirio ya saa zote za shughuli, pamoja na zile za kufunga vyombo na kujaribu sauti kabla watu hawajafika, kisha yaweke upande wa zisizobadilika.

Kuna watu ambao hesabu yako haikuwagusa: wale watakaokula bila kulipa. Wageni waalikwa 20 umewataja. Wapo pia waimbaji, wapigaji, fundi mitambo, mshereheshaji, walinzi na vijana wa mlangoni. Tuseme nao wanafika 20. Wote hao watapewa sahani na soda, na watavaa kamba ili walinzi wasiwasumbue wanapotoka na kuingia. Watu 40 kwa 10,000 ni 400,000. Kwa jina hiki ni chakula, lakini idadi ya watu hawa haipandi wala haishuki kwa kuuza tiketi, kwa hiyo mahali pake ni kwenye gharama zisizobadilika. Sasa zinakuwa 5,800,000.

Waalikwa wanakuathiri mara mbili, kwa sababu wanakalia viti 20 ambavyo ungeviuza. Wanamuziki wako jukwaani na walinzi wamesimama, hao hawahesabiwi kwenye viti. Kwa hiyo viti vya kuuza ni 280, si 300.

Sasa chukua tiketi moja ya 30,000 uifuate inakokwenda. Wakala anakata asilimia 5, yaani 1,500, zinabaki 28,500. Mwenye tiketi akifika anakugharimu 10,000, zinabaki 18,500. Hizi 18,500 ndizo mchango wa tiketi hiyo katika kulipa ukumbi, kikundi na mengineyo. Ukigawa 5,800,000 kwa 18,500 unapata 313 na sehemu, kwa hiyo unahitaji walipaji 314 ili urudishe gharama. Viti vya kuuza unavyo 280. Ukijaza vyote utapata mchango wa 5,180,000, na zile 620,000 zinazopungua zitatoka mfukoni mwako.

Namba hii ya walipaji itafute kabla ya kitu kingine chochote. Ikizidi viti ulivyo navyo, bei hiyo haifai, hata matangazo yawe mazuri kiasi gani.

Bei inayorudisha gharama

Ukitaka kwenda upande wa pili, yaani uanze na idadi ya watu ufike kwenye bei, fanya hatua tatu. Gawa gharama zisizobadilika kwa idadi ya watu unaotarajia walipe. Ongeza gharama ya mtu mmoja. Kisha gawa jibu kwa 0.95, kwa sababu katika kila shilingi 100 ya tiketi wewe unapokea 95.

Tuseme unatarajia walipaji 200. Milioni 5.8 kwa watu 200 ni 29,000 kwa kila mmoja. Ongeza 10,000, zinakuwa 39,000. Hizo ndizo gharama halisi za kumhudumia mtu mmoja kwa mahudhurio hayo. Gawa kwa 0.95 upate 41,053. Chini ya hapo unapata hasara, juu ya hapo ndipo faida inapoanza.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokosewa sana. Wengi huchukua 39,000 wakaongeza asilimia 5 juu yake, wakapata 40,950. Lakini wakala hakati asilimia 5 ya gharama zako, anakata asilimia 5 ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Asilimia 5 ya 40,950 ni zaidi ya 2,047, nawe unabaki na 38,902. Kwa kamisheni ndogo tofauti ni kama shilingi mia kwa tiketi. Kamisheni ikifika asilimia 15 au 20, kosa hilohilo linakula kama shilingi 880 au 1,560 kwa kila tiketi.

Hivi ndivyo bei inavyobadilika kulingana na walipaji, gharama zikiwa hizohizo:

| Walipaji | Gharama kwa mtu | Bei ya kurudisha gharama |
|---|---|---|
| 150 | 48,667 | 51,228 |
| 200 | 39,000 | 41,053 |
| 250 | 33,200 | 34,947 |
| 280 | 30,714 | 32,331 |

Itazame safu ya kati. Shughuli ni ileile, pilau ni lilelile, lakini gharama kwa mtu inatoka 30,714 hadi 48,667. Ndiyo maana swali la "mtu mmoja ananigharimu kiasi gani?" halina jibu mpaka useme ni watu wangapi. Mtu akikupa namba moja bila kutaja mahudhurio, amekadiria mahudhurio kimyakimya, na mara nyingi amekadiria ukumbi uliojaa.

Kama una kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu, weka gharama zisizobadilika kwenye B1, gharama ya mtu mmoja B2, walipaji B3, kamisheni B4 (iandike 5%), na bei unayofikiria B5. Mstari wa kwanza utakupa bei ya kurudisha gharama, wa pili utakupa idadi ya walipaji kwa bei uliyoichagua:

```
=(B1/B3+B2)/(1-B4)
=ROUNDUP(B1/(B5*(1-B4)-B2),0)
```

Mstari wa pili ukikupa namba hasi, maana yake bei baada ya kamisheni haifikii hata gharama ya sahani. Hapo kila tiketi unayouza inakuongezea hasara.

Kama biashara yako imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, bei ya tiketi ina kodi ndani yake, na fedha hiyo si yako. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hivyo katika tiketi ya 42,000 kodi ni kama 6,407. Unaipata kwa kuzidisha bei kwa 18 na kugawa kwa 118, kwa sababu ileile ya kamisheni. Itoe kwanza ndipo uendelee na hesabu. Kama hujasajiliwa, ruka aya hii.

Chakula kinapogeuka

Tuseme katika zile 10,000 sahani ni 8,000 na kamba ni 500. Sahani hiyo tumeihesabu kuwa gharama inayobadilika. Ni kweli, lakini mpaka siku ile unapompa mpishi idadi. Mpishi wa shughuli ya namna hii hununua kuku na mchele siku moja au mbili kabla, na ukishamthibitishia sahani 240 utalipa sahani 240. Kuanzia hapo chakula kimehamia upande wa ukumbi na kikundi: asiyekuja ameshakugharimu.

Tuseme umepanga walipaji 200, ukaagiza sahani 240 pamoja na zile 40 za waalikwa na wafanyakazi, na wakaja walipaji 160. Sahani 40 zimebaki kwenye sufuria, na hizo ni 320,000 juu ya hasara uliyokwisha kuipata kwa watu kupungua. Soda ni tofauti. Ukikubaliana na mwenye duka mapema kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa zinarudi, soda inabaki kuwa gharama inayobadilika hadi dakika ya mwisho. Makubaliano hayo yafanye kabla ya kuchukua mzigo, wala usiyaache mpaka siku ya kurudisha.

Kinga yake ni kufunga mauzo ya tiketi za chakula siku moja kabla ya kumthibitishia mpishi. Unaagiza kwa tiketi zilizolipiwa, unaongeza zile 40 na sahani chache za akiba. "Nitakuja na wenzangu sita, tutalipa mlangoni" usiihesabu. Watakaolipa mlangoni wauzie tiketi ya burudani tu, bila sahani.

Na hapa ndipo penye jambo ninalokusihi ulifikirie kwa makini. Jaribu kukitoa chakula kwenye kiingilio kabisa. Wafanyakazi 20 bado utawalisha, hizo ni 200,000, na waalikwa 20 watahitaji kamba tu, 10,000. Gharama zisizobadilika zinashuka hadi 5,610,000. Gharama ya kila mlipaji inabaki kamba ya 500. Kwa walipaji 200 ni 28,050, ongeza 500, gawa kwa 0.95: bei ya kurudisha gharama ni karibu 30,050. Ile bei uliyoitaka tangu mwanzo inawezekana, ila ni ya taarabu peke yake, pasipo pilau. Mpishi unampa kona ya ukumbi auze mwenyewe, na hofu ya sahani zitakazobaki inakuwa yake, kwani yeye ndiye anayejua namna ya kuzipunguza.

Ukiona chakula ni lazima, kwa kuwa ndicho kitakachowaleta wazazi na familia, basi chagua 42,000 na ujiulize kwa dhati kama Tanga watu 200 watatoa fedha hiyo kwa usiku mmoja. Kwa 42,000 mchango wa tiketi ni 29,900 na walipaji unaowahitaji ni 194. Wakija 200 faida yako ni 180,000 tu. Ni nyembamba mno. Mlinzi wa ziada na viti vya kukodi vinavyovunjika vinaweza kuimaliza yote.

Bei mbili

Njia inayosaidia zaidi kuliko kupandisha bei ya wote ni kutenga meza za mbele. Tuseme viti 40 vya mbele ni 60,000, vyenye sahani nzuri zaidi na kitambaa, gharama yake 16,000 kwa mtu. Vingine vyote ni 35,000. Tiketi ya mbele baada ya kamisheni ni 57,000, mchango wake 41,000. Tiketi ya kawaida ni 33,250, mchango 23,250.

Ukiuza zote 40 za mbele umepata mchango wa 1,640,000. Zinabaki 4,160,000 za kufidiwa na tiketi za kawaida, gawa kwa 23,250: watu 179. Jumla unahitaji 219. Kwa bei moja ya 35,000 ungehitaji 250. Meza nne za watu kumi zimekupunguzia walipaji 31.

Usichukue wastani wa 60,000 na 35,000, yaani 47,500, ukautumia kama bei. Huo ungekuwa sahihi kama ungeuza idadi sawa ya kila aina, nawe hapa unauza 40 kwa 179. Na anza na hesabu ya tahadhari: zikiuzwa 15 tu za mbele, mchango wake ni 615,000, na wa kawaida wanaohitajika wanapanda hadi 224. Tiketi za mbele zihesabu zikishalipiwa.

Fedha mbili zisiingie kwenye mapato yako. Ya kwanza ni za kutunza. Wageni wataamka kuwatunza waimbaji, na noti hizo ni za waimbaji na kikundi chao. Ukizipigia hesabu utaanza ugomvi nyuma ya jukwaa. Ya pili ni ufadhili ambao haujafika. Mfadhili akitoa 1,000,000 taslimu, itoe kwenye gharama zisizobadilika, na kwa walipaji 200 bei ya kurudisha gharama itashuka kwa 5,263. Lakini mfadhili naye hutaka meza. Ukimpa viti kumi vya bure, 100,000 zinarudi kwenye gharama na viti vya kuuza vinakuwa 270. Kabla fedha haijaingia mkononi au benki, piga hesabu kana kwamba hayupo.

Siku ya kuamua

Panga siku moja, kama kumi kabla ya shughuli, ya kuamua kuendelea au kusitisha. Siku hiyo hesabu inabadilika, na wengi huipiga kwa namba za zamani.

Tuseme bei ni 42,000 na mpaka siku hiyo umeshalipa nusu ya ukumbi 450,000, nusu ya kikundi 1,100,000, matangazo 450,000 na vibali 150,000. Jumla ni 2,150,000, na tuseme mikataba yako inasema hazirudi. Iwe shughuli itafanyika au haitafanyika, hizo zimekwenda. Kinachoamuliwa sasa ni zile ambazo bado hujazitoa: 5,800,000 ukitoa 2,150,000 ni 3,650,000. Gawa kwa mchango wa 29,900, unapata watu 123.

Kwa hiyo una mipaka miwili. Juu ya 194 unapata faida. Kati ya 123 na 194 unapata hasara, lakini ni ndogo kuliko ya kusitisha, hivyo endelea. Kwa mfano, wakija 150 utapoteza 1,315,000, wakati ukisitisha unapoteza 2,150,000 nzima. Ukiwa na uhakika kwamba hawafiki 123, kusitisha ni nafuu, ila ongeza makato ya kuwarudishia watu fedha zao kwa simu, na kamisheni ambayo mawakala wameshaichukua. Hiyo huusogeza mpaka wa 123 chini kidogo.

Namba ya kuipima siku hiyo ni tiketi zilizolipiwa. Kabla ya kusaini chochote, muulize mwenye ukumbi na kiongozi wa kikundi tarehe ambayo malipo ya awali yanaacha kurudishwa, kisha iweke siku yako ya kuamua kabla ya tarehe hiyo. Ukiwahi, sehemu ya zile 2,150,000 bado inarudi mkononi mwako, na mpaka wako wa kuendelea unapanda juu ya 123. Tukipata tarehe hizo na kiasi kinachorudi kwa kila mmoja, hesabu hii itarudiwa kwa namba zako halisi.